Kutoka R8 hadi H272: Historia ya Matamko ya Hatari za Kemikali na Tafsiri Yake kwa Wasomaji wa Kiswahili Ghalani

Ikisiri

Matamko ya hatari na ya tahadhari yanayoandikwa katika karatasi za taarifa za usalama wa kemikali ni sentensi fupi zilizokwisha kusanifishwa kimataifa. Kila moja ina msimbo wake na maana yake iliyopimwa. Makala haya yanafuatilia historia ya matamko hayo kwa kutumia mfano wa kemikali moja, yaani hipokloriti ya kalsiamu, inayojulikana zaidi kama klorini ya unga. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko ya mifumo ya kimataifa yalihamisha baadhi ya taarifa muhimu kutoka katika matamko ya hatari na kuzipeleka mahali pengine. Kwa hiyo mfasiri anayetafsiri orodha ya misimbo peke yake huweza kutoa Kiswahili sahihi ambacho hakimlindi mfanyakazi wa ghala.

1.0 Utangulizi

Tafsiri ya matini za kisayansi katika Kiswahili imejadiliwa zaidi kama suala la istilahi. Mjadala huo ulianza mapema. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia usanifishaji wa maneno ya shuleni, na baada ya uhuru Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, lilikabidhiwa jukumu la kusanifu istilahi za taaluma mbalimbali. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hizo zilimlenga hasa mwanafunzi na mwalimu. Mwanafunzi akikutana na neno geni ana mwalimu wa kumweleza, ana kitabu cha kurejelea na ana muda wa kujifunza.

Msomaji wa ghalani hana vitu hivyo. Mtunza ghala anayepokea mapipa ya kemikali, au mchukuzi anayeyapanga juu ya chaga, husoma lebo akiwa amesimama, mara nyingi akiwa na mzigo mkononi. Anachotafuta ni uamuzi: pipa liwekwe wapi, lisikaribiane na nini, na likipasuka afanye nini. Usahihi wa istilahi una thamani kwake pale tu unapomwezesha kufanya uamuzi huo. Kwa sababu hiyo tafsiri ya matamko ya usalama inadai kipimo kingine, nacho hakiwezi kueleweka vizuri bila kujua matamko yenyewe yametoka wapi.

2.0 Chimbuko la matamko sanifu

Juhudi za kuweka utaratibu wa pamoja wa kutambulisha kemikali hatari zilianza kuonekana katika miaka ya 1950, na mapendekezo ya kwanza ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari yalitolewa mwaka 1956. Mapendekezo hayo yaliwahusu wasafirishaji zaidi kuliko watu wanaoshika kemikali kila siku. Hatua kubwa kwa upande wa lugha ilichukuliwa mwaka 1967, pale Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipopitisha Agizo Na. 67/548 kuhusu uainishaji, ufungashaji na uwekaji lebo wa kemikali hatari. Ni mwaka uleule ambao Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa.

Chini ya mfumo uliojengwa juu ya agizo hilo, kila hatari ilipewa kirai au sentensi yenye herufi R na namba, na kila ushauri wa usalama ukapewa herufi S na namba. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mfumo huo ulikuwa tangu mwanzo mfumo wa tafsiri. Sentensi moja ilipaswa kusema jambo lilelile katika lugha zote rasmi za Jumuiya, na mwenye kiwanda hakuruhusiwa kuibuni upya. Msimbo ndio uliobeba utambulisho wa sentensi, na lugha ilikuwa vazi lake.

Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, uliopitishwa mwaka 1990, ulihamisha suala hili kutoka katika biashara na kuliweka katika haki za wafanyakazi. Ibara yake ya 7 inataka kemikali hatari ziwekewe lebo kwa namna ambayo wafanyakazi wataielewa kwa urahisi, na ibara ya 8 inadai waajiri wapatiwe karatasi za taarifa za usalama. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1999. Kipimo kilichowekwa na ibara ya 7, basi, ni uelewa wa mfanyakazi. Lebo iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma haikidhi kipimo hicho, na lebo iliyofasiriwa kwa Kiswahili kisichomwongoza haikikidhi pia.

Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 ulitoa msukumo wa kuiunganisha mifumo iliyokuwa ikitofautiana kati ya Ulaya, Marekani na kwingineko. Matokeo yake ni Mfumo wa Kimataifa Uliowianishwa wa Uainishaji na Uwekaji Lebo wa Kemikali, ulioidhinishwa Desemba 2002 na kuchapishwa mwaka 2003 katika kitabu ambacho kutokana na rangi ya jalada lake huitwa Kitabu cha Zambarau. Mwaka huohuo wa 2003 Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani pamoja na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Ulaya iliuingiza mfumo mpya katika sheria zake kwa Kanuni Na. 1272 ya mwaka 2008, na agizo la zamani lililobeba matamko ya R na S likafutwa Juni 2015. Mahali pake pamechukuliwa na matamko ya hatari yenye herufi H na matamko ya tahadhari yenye herufi P.

Kitabu cha Zambarau hutolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Sheria ya Ulaya nayo ina matamko katika lugha za nchi wanachama tu. Hivyo mfasiri wa Kiswahili hufanya kazi ambayo kwa wenzake imekwisha kufanywa na vyombo vya sheria: huamua mwenyewe, karatasi kwa karatasi, sentensi ambayo kwa lugha nyingine haibadiliki.

3.0 Klorini ya unga: hatari iliyohama

Hipokloriti ya kalsiamu hutumika kusafisha maji, na kwa hiyo hupatikana katika maghala ya mamlaka za maji, ya hospitali na ya wafanyabiashara wa kemikali. Katika mfumo wa zamani wa Ulaya, lebo yake ilibeba matamko matano: R8, R22, R31, R34 na R50. Katika mfumo mpya hubeba H272, H302, H314 na H400, pamoja na tamko la nyongeza EUH031. Kwa mtazamo wa haraka namba zimebadilika na mambo yamebaki yaleyale. Ulinganisho wa makini unaonyesha vingine.

Tamko R8 lilisema kwamba kemikali ikigusana na vitu vinavyoshika moto huweza kusababisha moto. Tamko H272, lililochukua nafasi yake, linasema kwamba kemikali huweza kuzidisha moto, kisha linaitaja kwa jina la sifa yake ya kikemia: kioksidishaji. Kwa mkemia, tamko la pili ni bora zaidi kwa sababu linaitambulisha tabia yenyewe ya dutu, na tabia hiyo ndiyo inayopimwa maabara. Kwa mtunza ghala, kilichopotea ni kikubwa. R8 lilikuwa na tendo, yaani kugusana, na lilikuwa na kitu cha pili, yaani vitu vinavyoshika moto. Msomaji wake alijua mara moja kwamba kuna vitu ambavyo havipaswi kuwa karibu na pipa hilo.

Sentensi ya Kiswahili "Huweza kuzidisha moto, kioksidishaji" ni tafsiri sahihi ya H272. Hata hivyo, msomaji asiye na elimu ya kemia huielewa kwa njia moja tu: moto ukitokea mahali pengine, kemikali hii itauongeza. Kitenzi "zidisha" kinadokeza kwamba moto tayari upo. Neno "kioksidishaji", ingawa limeundwa kwa kufuata taratibu za utohozi na unyambuaji, halimpi msomaji huyo chochote cha kushika. Anaweza kulisoma kwa sauti bila kigugumizi na asijue kwamba chaga za mbao, magunia, matambara yenye mafuta na maranda ya seremala ni hatari vikikutana na unga huo.

Maranda yanafaa kutazamwa kwa karibu. Ghala nyingi hutumia maranda kufyonza mafuta au rangi iliyomwagika, na ni kawaida kwa mfanyakazi mwenye bidii kuyatumia kwa kila kinachomwagika. Unga wa klorini ukichanganyika na maranda, hasa yakiwa yameshika mafuta, mchanganyiko huo huweza kupata joto na kuwaka bila mtu kuleta njiti ya kiberiti. Kufagia, kitendo ambacho kwa kila kipimo cha kawaida ni cha usafi na uangalifu, huwa ndicho chanzo cha moto. Uwezo wa kemikali hii kujipatia joto ulidhihirika pia baharini: Novemba 1998 meli DG Harmony iliungua karibu na pwani ya Brazili ikiwa imebeba shehena ya hipokloriti ya kalsiamu, na kesi iliyofuata katika mahakama za Marekani ilihusu, pamoja na mengine, kama onyo lililotolewa kwa msafirishaji lilitosha.

Taarifa iliyokuwa katika R8 haikufutwa. Imehamishiwa katika tamko la tahadhari P220, linaloagiza kemikali iwekwe mbali na nguo na vitu vingine vinavyoshika moto. Tatizo ni kwamba lebo ndogo au muhtasari unaobandikwa ukutani aghalabu huchukua matamko ya hatari na kuacha mengi ya tahadhari, kwa imani kwamba ya kwanza ndiyo yenye uzito. Mfasiri anayepewa orodha ya H peke yake anapaswa kutambua kwamba amepewa nusu ya sentensi iliyokuwa nzima.

P220 lina mtego wake wa kisarufi. Baadhi ya wafasiri huandika "vitu vinavyowaka". Kirejeshi chenye kiambishi -na- hubeba wakati uliopo, na msomaji ana haki ya kuelewa kwamba vinavyokusudiwa ni vitu ambavyo moto unawaka juu yake sasa hivi. Kwa kuwa hakuna kitu kinachowaka ghalani, hujiona salama. Umbo "vinavyoweza kushika moto" huondoa utata huo, na kuongeza mifano ya vitu vilivyomo ghalani humaliza kazi. Tamko lenyewe linataja nguo kama mfano, jambo linaloonyesha kwamba hata waandishi wa mfumo waliona neno la jumla halitoshi.

4.0 Tamko lisilovuka mipaka

Tamko R31 lilisema kwamba kemikali ikigusana na asidi hutoa gesi yenye sumu. Kwa klorini ya unga na asidi hidrokloriki, mmenyuko huo ni huu:

Ca(ClO)2 + 4HCl → CaCl2 + 2Cl2 + 2H2O

Gesi inayotoka, Cl2, ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara mbili na nusu. Hutuama chini, pale ambapo mtu aliyeinama kuzoa kilichomwagika ana pua yake.

Mfumo uliowianishwa haukuwa na tamko la hatari linalolingana na R31. Ulaya, kwa kutotaka kulipoteza, ililihifadhi kama taarifa ya nyongeza kwa msimbo EUH031. Maana yake ni kwamba onyo hilo lipo katika lebo iliyotayarishwa kwa soko la Ulaya, lakini si lazima liwepo miongoni mwa matamko ya hatari ya lebo iliyotoka nchi nyingine inayofuata Kitabu cha Zambarau. Pipa mbili za kemikali ileile, zilizoingia kupitia bandari moja, huweza kuwa na maonyo tofauti kuhusu kosa la ghalani linaloweza kumuua mtu kwa dakika chache. Katika karatasi isiyo na EUH031, mfasiri hana budi kuitafuta taarifa hiyo katika sehemu ya 10 kati ya sehemu 16 za karatasi, inayoeleza uthabiti na umenyukaji wa kemikali na kutaja vitu visivyopatana nayo.

Katika kufasiri tamko hilo kuna uchaguzi wa maneno mawili. La kwanza ni "asidi" au "tindikali". Wasomaji wengi wa Tanzania wanalijua neno tindikali kutokana na habari za watu waliomwagiwa usoni, na hivyo huliambatanisha na uhalifu kuliko na bidhaa iliyoko kwenye rafu. Neno asidi limezoeleka katika "asidi ya betri". Hakuna neno kati ya hayo linalomkumbusha msomaji dawa ya kusafishia choo au ya kung'arishia vigae, ilhali nyingi kati ya hizo zina asidi. Na hapo neno "dawa" lenyewe huingia katika tatizo: klorini huitwa dawa ya maji, kisafishio huitwa dawa ya choo, na kwa mantiki ya lugha ya kila siku dawa mbili za usafi zinafaa kukaa pamoja.

La pili ni jina la gesi. Kuandika "hutoa gesi ya klorini" ni kweli kikemia, lakini kwa msomaji ambaye unga wenyewe anauita klorini, sentensi hiyo inasema kwamba klorini hutoa klorini. Hatari hutoweka ndani ya jina. Umbo la tamko sanifu, "gesi yenye sumu", linafaa zaidi hapa kwa sababu halitaji jina.

5.0 Nafsi katika matamko ya tahadhari

Matamko ya huduma ya kwanza yanaleta suala lisiloonekana katika lugha ya asili. Tamko la pamoja P301+P330+P331 linahusu mtu aliyemeza kemikali: linaagiza kinywa kisukutuliwe na linakataza kutapisha. Katika Kiingereza sehemu ya sharti haina mtendaji wala nafsi, na agizo linaloifuata humfaa mgonjwa mwenyewe na humfaa pia mwenzake anayemsaidia. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo kwa wepesi. Katika matamko ya hatari, kiambishi hu- cha mazoea humwokoa mfasiri, kwa kuwa hakidai upatanisho wa ngeli: "huunguza", "hudhuru", "hutoa" zinatosha bila kutaja kiima. Katika maagizo, kitenzi hudai kujua nani anasemeshwa.

"Ukimeza, sukutua kinywa, usijitapishe" humsemesha aliyeumia. "Mtu akimeza, asukutue kinywa, asitapishwe" humsemesha aliye karibu naye. Chaguo si la mtindo tu. Klorini ya unga huunguza vibaya, na aliyeimeza hupata vidonda njiani mwa chakula. Akitapika, kemikali hupita tena juu ya vidonda hivyo. Anayeweza kumtapisha, kwa kumtia vidole kooni au kumnywesha maji ya chumvi, mara nyingi ni mwenzake aliyejawa na huruma. Kwa hiyo katazo linapaswa kumfikia huyo. Kwa tamko P305+P351+P338, linalohusu macho, hali ni tofauti kidogo: mtu mwenye unga machoni hawezi kusoma, na hivyo agizo lolote lililoandikwa humhusu anayemsaidia, hata kama sarufi ya lebo inajifanya kumsemesha mwathirika.

6.0 Matini iliyopendekezwa na namna ya kuijaribu

Kutokana na uchambuzi huo, matini ya ghalani kwa klorini ya unga inaweza kuandikwa hivi, misimbo ikibakizwa ili kila sentensi iweze kulinganishwa na karatasi ya asili:

HATARI
Huweza kuzidisha moto, kioksidishaji (H272). Weka mbali na nguo na vitu vingine vinavyoweza kushika moto (P220).
Hudhuru ikimezwa (H302).
Huunguza vibaya ngozi na kuharibu macho (H314).
Ikigusana na asidi hutoa gesi yenye sumu (EUH031).
Ni sumu kali kwa viumbe wa majini (H400).
Mtu akimeza: asukutue kinywa. ASITAPISHWE (P301+P330+P331).
Ikiingia machoni: mwoshe kwa maji taratibu kwa dakika kadhaa. Mtoe lenzi za machoni kama anazo na zinatoka kwa urahisi. Endelea kumwosha (P305+P351+P338).

Maelekezo ya ghala hili: Usifagie unga huu pamoja na maranda wala matambara. Usiuweke karibu na asidi ya betri, dawa ya choo, mafuta wala rangi.

Mgawanyo wa matini hiyo umekusudiwa. Mfasiri hana mamlaka ya kuongeza maranda au dawa ya choo ndani ya tamko lenye msimbo, kwa kuwa msimbo ni ahadi kwamba sentensi inasema jambo lilelile kila mahali. Lakini mwajiri ana wajibu wa kutoa maelekezo ya mahali pake pa kazi, na humo ndimo maneno hayo yanapokaa kihalali. H272 na P220 zimewekwa katika mstari mmoja ili kuirudisha pamoja sentensi ambayo historia iliitenganisha.

Tafsiri ya namna hii haiwezi kuhakikiwa kwa kuirejesha katika lugha ya asili pekee. "Huweza kuzidisha moto" ikirejeshwa hutoa H272 kamili, na kosa lake halionekani. Kumwuliza mfanyakazi kama ameelewa nako hakusaidii, kwa sababu jibu la heshima ni ndiyo. Jaribio linalofichua ni kumpa lebo aisome, kisha kumwomba aonyeshe mahali ambapo angeliweka pipa, na kifaa ambacho angekichukua unga ukimwagika. Akielekea kwenye fungu la maranda, tafsiri ndiyo iliyoshindwa, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

7.0 Hitimisho

Historia ya matamko ya hatari inaonyesha mwelekeo wa kutoka katika sentensi zinazosimulia tukio kwenda katika sentensi zinazotaja sifa. Mwelekeo huo uliwezesha nchi nyingi kukubaliana, lakini ulihamisha tendo kutoka katika tamko la hatari na kulipeleka katika matamko ya tahadhari, katika taarifa za nyongeza na katika sehemu ya 10 ya karatasi. Wasomaji wa lugha zilizomo katika matoleo rasmi wamepata sentensi zilizokwisha kukubaliwa. Msomaji wa Kiswahili anategemea mfasiri mmoja mmoja, na mfasiri huyo huhitaji kujua R8 ilisema nini ili aweze kuifasiri H272. Mpaka orodha moja ya matamko kwa Kiswahili itakapokubaliwa na wanaohusika na lugha, kemikali na usalama kazini, kila ghala litaendelea kuwa na Kiswahili chake cha hatari.